Tangazo Lililoacha Kupiga Kelele

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na asubuhi hiyo ukungu ulitanda mtaa wa Ruashi, Lubumbashi, ukakataa kuondoka. Vilima vya udongo wa mgodi vilimezwa, paa za mabati zikamezwa, na watu waliopita mbele ya duka la Gaëlle Mbuyi walionekana kuanzia kifuani kwenda juu, kana kwamba barabara imegeuka maji nao wanaogelea taratibu kwenda sokoni. Gaëlle alikaa nyuma ya kompyuta akiwatazama. Hakuwa na haraka. Siku za ukungu, wateja wake huja wakinong'ona, hata wale ambao siku nyingine huingia wakipayuka.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na mashine ya fotokopi. Watu wa mtaa waliliita sekretaria. Hapo ndipo walipochapisha barua za kuomba kazi, mialiko ya ndoa na matangazo ya misiba. Gaëlle aliipenda kazi hiyo kwa sababu ambayo hakuwahi kumweleza mtu: maandishi yalikuwa na sauti masikioni mwake. Marehemu baba yake, Mkasai aliyefika Lubumbashi akiwa kijana na kuzeekea kwenye ofisi za reli, alimfundisha kusoma akimwambia kila neno lina kinywa. Tangu hapo barua mbaya ilimuumiza masikio, na barua nzuri ilimtuliza kama mtu anayemkanda mabega.

Mtu aliyetokea ukunguni asubuhi hiyo alikuwa Jeannot Lombe, fundi wa umeme aliyekaa mtaa wa nyuma. Macho yake yalikuwa mekundu, ndevu hazijanyolewa, na simu aliishika kwa mikono miwili.

"Yambo, mama Gaëlle."

"Yambo, papa Jeannot. Ikala kwanza. Uko na sura ya mutu hajalala."

Hakukaa. "Mama yangu alipotea. Tangu Jumanne. Niliandika tangazo, nikatuma kwa bantu bote. Sasa katekista Ruphin anakatala kuisoma ku kanisa. Na kule ku radio banasema niirudishe, niandike muzuri."

"Anakatala juu ya nini?"

"Aliniuliza: hii uso ya kulia, nitaisoma namna gani mbele ya bantu?"

Akamtumia tangazo lile. Lilipofunguka kwenye kioo cha kompyuta, Gaëlle alirudi nyuma kidogo kwenye kiti, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chenye ngoma.

🚨🚨🚨 HARAKA HARAKA !!!! MAMA YETU MUPENZI AMEPOTEA !!!!!! 😭😭😭😭 TUNAMUTAFUTA KILA PAHALI !!!! ALISEMA ANAENDA MUTONI !!! 💔💔 BANDUGU MUTUSAIDIE, ROHO INATUUMA !!!!! 🙏🙏🙏🙏 TUMA KWA BENGINE !!!! MUNGU ATAKUBARIKI !!!

Alilisoma mara moja, akalisoma tena. Tangazo kama hilo alikwisha kuliona mara nyingi, au alidhani ameliona. Lilikuwa na uso uleule wa matangazo yote yanayozunguka kwenye simu: dawa inayotibu kila kitu, mtoto anayehitaji damu ambaye hakuna anayemjua, onyo la dunia kwisha Ijumaa. Hata yeye mwenyewe, moyoni alikumbuka, lilimpitia juzi kwenye kikundi cha mtaa, na kidole chake kikalisukuma juu bila kusimama. Alijisikia vibaya.

"Bantu banasema nini?" aliuliza.

"Banatuma mikono ya kuomba. Bengine banasema courage, mukaze roho." Jeannot alifuta uso kwa mkono. "Hakuna mutu moja aliuliza mama iko namna gani."

Gaëlle alibonyeza kitufe cha kuchapa, kwa sababu alitaka Jeannot ajionee mwenyewe. Mashine ilikoroma, ikatema karatasi. Herufi kubwa zilisimama zimebanana kama watu kwenye mlango wa hospitali. Nyuso za kulia hazikutoka. Mahali pa kila uso palikuwa na kijisanduku kitupu, na mahali pa kila moyo uliovunjika palikuwa na kijisanduku kitupu.

Jeannot aliishika karatasi akaitazama muda mrefu. "Machozi yalienda wapi?"

"Mashine haiyajue, papa. Na ule anasoma ku radio, hayajue pia. Kinywa hakina uso ya kulia. Kiko na maneno tu."

"Basi unataka kuondoa machozi yangu."

Alisema bila hasira, na ndiyo maana ilimchoma Gaëlle. Alimvutia kiti, na safari hii Jeannot alikaa.

"Machozi bakia nayo weye," alimwambia. "Ni yako, hakuna mutu atakunyanganya. Lakini karatasi hii itaenda kwa bantu habakujue. Ibebe kile banaweza kusaidia nacho. Tujaribu pamoja. Kama haikupendeze, narudisha yote vile ilikuwa."

Jeannot aliitikia kwa kichwa.

Akaanza na nyuso. Aliziondoa moja moja, hakuzifuta kwa mkupuo, kwa sababu mwenyewe alikuwa ameketi pale. Taa za hatari zikatoka. Machozi yakatoka. Mioyo ikatoka, halafu mikono ya kuomba. Kila kimoja kilipotoweka, Gaëlle alisikia kitu kikikoma chumbani, kama mvua inapopungua juu ya bati na mtu akaanza kutambua kwamba nje kuna jogoo, kuna redio ya jirani, kuna mtoto anayecheka.

Kisha alama za mshangao. Kwa uchovu alifanya kosa la mwanafunzi: aliiamuru kompyuta iweke nukta mahali pa kila alama. Ikatii. Tangazo lote likajaa vinukta vinavyofuatana, mama yetu mupenzi amepotea, nukta nukta nukta, kama maneno ya mtu anayesinzia katikati ya usemi wake. Kwa muda Gaëlle aliyaacha hivyo. Yalikuwa na uzuri wa ajabu. Yalionekana kama mtu anayeondoka, na nyayo zake zinabaki nyuma yake mchangani.

"Hapana," alisema, akarudisha nyuma.

Akaanza upya kwa utaratibu. Kwanza aliiamuru kompyuta ibadilishe kila alama mbili zilizofuatana kuwa moja, akairudia amri hiyo tena na tena mpaka mashine ikajibu kwamba haikuona mbili tena. Ndipo akabadilisha ile moja iliyobaki kuwa nukta. Nukta zikabaki zinaelea, kila moja mbali kidogo na neno lake, kwa kuwa Jeannot aliacha nafasi kabla ya alama kama walivyofundishwa shuleni kwa Kifaransa. Gaëlle akazisogeza, kila nukta ikagusa neno lake.

Maneno "haraka haraka" aliyafuta yote mawili. Jeannot alifungua kinywa.

"Ile anasoma kama mutu amepotea, atajua ni haraka," Gaëlle alisema. Jeannot akafumba kinywa.

Zikabaki herufi kubwa. Gaëlle aliyachagua maneno yote, akabonyeza vitufe viwili, na tangazo zima likashuka chini. Hakuna aliyemwambia Jeannot ajiandae, naye akashtuka, kwa sababu lilikuwa kama chumba kizima cha watu waliosimama wakipiga kelele, kisha wote wakaketi kwa pamoja.

*mama yetu mupenzi amepotea. tunamutafuta kila pahali. alisema anaenda mutoni. bandugu mutusaidie, roho inatuuma. tuma kwa bengine. mungu atakubariki.*

"Iko kidogo," alinong'ona Jeannot. "Ni yote hii tu nilisema?"

 Gaëlle naye alikuwa ameliona. Kelele zilipoondoka, chini yake palikuwa na uwanja mtupu. Mama hakuwa na jina. Hakuwa na umri wala nguo wala lugha, na mtu aliyemwona hakuwa na mahali pa kupiga simu. Mtu angeweza kusimama kando yake sokoni, akamuuzia nyanya, asijue.

Alianza kuinua herufi zilizostahili kuinuliwa. Kompyuta haijui nani ni nani. Ikishusha, inashusha wote. Alimwinua Mungu kwanza, kwa heshima. Akainua mwanzo wa kila sentensi. Halafu akageuka.

"Mama anaitwa nani?"

 Katika maisha yake yote Jeannot hakuwahi kulitamka jina la mama yake mbele ya mtu. Lilimtoka polepole, kama kitu kilichokuwa kimefungwa ndani ya kitambaa.

"Mwelwa," alisema. "Mwelwa Adolphine."

Gaëlle aliliandika, M kubwa, A kubwa. Katika maandishi yote yaliyoketi, jina hilo sasa lilisimama peke yake, na mtu angeliona toka mlangoni.

Akauliza mengine, na Jeannot akajibu macho yake yakiwa kwenye ukungu wa mlangoni. Mama alikuwa na miaka karibu sabini na tano. Alivaa kikwembe, kitenge cha rangi ya majani mabichi chenye ndege weupe, na sweta ya kijivu. Kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumtoroka; kuna siku alimwita Jeannot kwa jina la mjomba wake aliyekufa zamani. Alisema Kibemba vizuri kuliko Kiswahili. Akitembea, aliimba chini chini.

"Anaimba nini?"

"Sijue. Ni nyimbo za kwao. Nilizaliwa hapa, mi sikuzijue."

Gaëlle aliandika pia kwamba anaimba. Kisha akafika kwenye neno lililobaki, akainua kidole juu ya kibodi, akakiacha kining'inie.

"Papa Jeannot. Hii mutoni. Niiache herufi ndogo, ao niiweke kubwa?"

"Namna gani?"

"Vile uliandika yote kubwa, haionekane. Kama ni mutoni kwenye maji inapita, inabakia ndogo. Kama ni jina ya pahali, inaomba kubwa."

"Ni maji," alisema Jeannot mara moja. "Njo maana tulitafuta ku mito yote. Ku Kafubu. Bavijana baliingia ndani ya maji na fimbo ndefu. Tunatafuta chini ya maji tangu Jumatano."

"Yee mwenyewe alisema nini? Maneno yake."

"Alikuwa ku mulango. Akasema: naenda mutoni, banangojea miye."

"Nani banamungojea?"

Jeannot aligeuza uso toka mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu aingie alimtazama Gaëlle sawasawa.

"Ku maji hakuna mutu," alisema taratibu, "anamungojea mama yangu."

Kwenye kioo lile neno lilikaa na m yake ndogo, na Gaëlle alihisi kwamba linawatazama. Akakumbuka jinsi baba yake mwenyewe alivyokuwa akitaja, kwa mchezo, majina ya vijiji vya Kasai ambavyo Gaëlle hakuwahi kuviona wala kuviandika, na jinsi majina yale yalivyokufa naye bila mtu kujua yaandikwe vipi.

"Iko mutu wa kwao anabakia?" aliuliza.

"Iko mama mudogo Nkandu. Analima kule Annexe, inje ya muji."

"Alisema nini juu ya Mutoni?"

"Hatukumuuliza. Tulimuambia tu mama alienda ku maji, akapotea. Analia tangu ile siku."

"Muite."

Simu ililia muda mrefu, maana mama Nkandu alikuwa shambani. Hatimaye sauti yake ikaingia dukani ikiwa na upepo na kuku. Jeannot alimsalimu, akamuuliza hali ya mwili, akamuuliza mvua, kama inavyopasa. Kisha akasema: "Mama mudogo, mama alisema, naenda Mutoni."

Upande wa pili ukasikika upepo tu.

"Alisema vile? Mutoni?"

"Vile."

"Ee Jeannot. Ee mutoto wangu. Mutoni haiko maji. Mutoni ni kwetu. Ni mugini, kijiji ya baba yetu, nyuma ya Kasomeno, ku barabara ya Kasenga, upande wa kushoto ukitoka huku. Tulizaliwa kule. Hakuna mutu anaikala tena. Lakini ni Mutoni. Juu ya nini hamukuniambia neno yake?"

Jeannot aliweka simu mezani bila kuikata, akafunika uso kwa mikono. Gaëlle alimwachia nafasi. Akageukia kibodi, akafuta m ndogo, akaandika M kubwa. Ilikuwa kazi ya vidole viwili tu.

Sasa tangazo lilijiandika karibu lenyewe. Walikubaliana kutumia Kiswahili cha kanisani, kile ambacho watu wa pande zote husikia. Kichwa pekee ndicho walichokiacha kwa herufi kubwa, kwa sababu kichwa cha tangazo ni kama mtu anayebisha hodi: anabisha mara moja, akisikika anangoja.

TANGAZO LA KUTAFUTA MTU

Familia ya Bwana Lombe Jeannot, wa Ruashi, Lubumbashi, inamtafuta mama yao, Mama Mwelwa Adolphine, mwenye umri wa karibu miaka sabini na tano. Aliondoka nyumbani Jumanne asubuhi, akiwa amevaa kikwembe cha majani mabichi chenye picha za ndege weupe, na sweta ya kijivu. Anazungumza Kibemba na Kiswahili kidogo. Ana udhaifu wa kumbukumbu. Akitembea huimba kwa sauti ya chini. Yawezekana anaelekea Mutoni, karibu na Kasomeno. Atakayemwona anaombwa amkalishe mahali salama na kuijulisha familia kwa namba zilizo hapa chini. Familia inatoa shukrani.

Jeannot alilisoma akitembeza kidole juu ya kioo. Alipofika kwenye ndege weupe, alisimama.

"Sasa namuona," alisema. "Ile ingine ilikuwa miye. Hii ni yee."

Akataka kuuliza jambo, akasita, halafu akauliza: ile "roho inatuuma" haiwezi kubaki? Gaëlle aliliwaza jambo hilo kwa uzito. Akaiweka mwishoni, kabla ya shukrani, kisha wakalisoma tangazo lote kwa sauti. Wote wawili waliisikia: baada ya ndege na nyimbo, maneno yale yalikuwa yakisukuma mlango ulio wazi. Jeannot mwenyewe ndiye aliyesema iondolewe.

Lilikwenda kwa katekista Ruphin. Hawakungoja sana. Ruphin hakuandika jibu, alituma sauti. Alikuwa amelisoma tangazo zima kwa sauti yake ya misa, taratibu, kila nukta akipumua, na mwisho akasema: "Hii nasoma leo jioni. Na natuma sasa kwa mwenzangu wa kapela ya Kasomeno. Bako na sala ya mukutano kabla ya saa sita." Watu wa redio nao walisema litasomwa pamoja na matangazo ya mchana, maana sasa lina jina na lina mahali.

Jeannot hakuondoka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, na watu waliingia, wakatoa fotokopi, wakatoka, na ukungu ulikuwa ukiwafungulia na kuwafungia. Gaëlle alimletea chai. Pengine alisinzia; alisema baadaye kwamba aliota karatasi inatembea barabarani yenyewe, polepole, kama mtu mzima, ikisalimia watu.

Simu ilipolia, wote wawili waliitazama kwanza, wakiogopa kuigusa.

Alikuwa mwanamke aliyeitwa Chisanga, mwuza mihogo wa Kasomeno. Alizungumza kwa uangalifu kama mtu anayebeba maji. Alikuwa kanisani, alisema. Walisoma tangazo. Yeye ana mgeni nyumbani kwake, bibi mmoja aliyeshushwa na lori la samaki lililokuwa likirudi Kasenga tupu. Bibi mwenye adabu, anamenya mihogo vizuri kuliko wote. Kila mtu pale alidhani ni shangazi wa mtu. Hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa bibi mwenyewe hakuonekana kupotea. Alisema anapumzika tu, anaenda kwao.

"Kikwembe yake iko namna gani?" Jeannot aliuliza.

"Ni ya majani. Iko na ndege. Nilitoka kanisani mbio, nikafika nyumbani, nikasimama mbele yake, nikamuita: mama Mwelwa. Akageuka. Akaniambia: mutoto wangu, ni zamani hakuna mutu ananiita vile."

Jeannot alitoka nje. Gaëlle alimwona kupitia mlangoni akisimama ukunguni, halafu akiinua mikono yote miwili juu bila kutoa sauti.

Waliondoka siku iliyofuata, kabla umande haujakauka, kwenye pikapu kuukuu ya Jeannot. Mama Nkandu alikuwa amekwisha kupanda, akiwa na kikapu cha unga na kuku aliyefungwa miguu. Gaëlle hakupangiwa safari hiyo. Pikapu iliposimama mbele ya duka, alikwenda dirishani kumuaga Jeannot, na mama Nkandu akamshika mkono, akamwambia: "Weye njo uliuliza. Twende ukaone jina yenyewe." Gaëlle akafunga duka, akapanda.

Njia ilikuwa nyekundu na laini. Kando yake wanawake waliuza uyoga mkubwa kama miavuli, na kila walipopunguza mwendo uyoga uliinuliwa madirishani, mweupe, ukinukia mvua. Msitu wa miombo ulikuwa umetoa majani mapya, mengine mekundu, na mwanga ulipita ndani yake kama unapita ndani ya pombe ya asali. Mama Nkandu aliimba chini chini. Jeannot aliendesha akisikiliza. 

Walimkuta mama Mwelwa ameketi mbele ya nyumba ya Chisanga, kikwembe chake kimefuliwa, kimekunjuliwa kwenye kamba, na yeye amevaa cha mwenyeji wake. Jeannot alipiga magoti mbele yake. Mama alimshika uso, akamtazama kwa muda, akimtafuta.

"Jeannot," alisema hatimaye. Kisha, akiona wote walivyokuwa wakilia: "Munalia nini? Nilisema naenda Mutoni."

"Njo vile, mama," alisema Jeannot. "Ulisema. Miye sikusikia."

Mama Mwelwa hakukubali kurudi Lubumbashi kabla ya kufika. Wala hakuna aliyembishia. Chisanga aliwaonyesha mahali pa kuacha barabara, pikapu ikafuata njia ya baiskeli mpaka njia ikaisha, nao wakashuka wakatembea, wale dada wawili mbele wakiwa wameshikana mikono. Nyasi zilikuwa zimewafika kiunoni. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na kichuguu, na matofali machache yaliyorudi kuwa udongo, na ukimya mkubwa wenye nyuki ndani yake.

Gaëlle alisimama nyuma. Alifikiri jinsi alivyoliandika jina la mahali hapa akiwa hajui kama pangalipo. Na kijiji hakikuwapo tena, lakini wale wazee wawili walikuwa wakitembea bila kusita, wakikunja kushoto palipokuwa zamani na kitu, wakikwepa palipokuwa na kitu kingine.

Mama Mwelwa alisimama. Akagusa hewa kwa kiganja, akainama kidogo kama mtu anayepita kwenye mlango mfupi wa nyumba, akaingia. Akageuka, akawaona Jeannot na Gaëlle wamesimama nje, ndani ya nyasi, hawajui wafanye nini.

"Munabakia ku jua juu ya nini?" aliwauliza. "Ingieni. Lakini mupanguse miguu."

Jeannot akapangusa viatu vyake kwenye nyasi, kwanza kimoja, halafu cha pili. Gaëlle akafanya vivyo hivyo. Wakainama, wakaingia, wakakaa chini pale walipoonyeshwa, na mama Nkandu akaanza kutafuta mahali pa kuwasha moto.